Nilipoombwa Kuwa Baba wa Ubatizo



Liko neno moja tukufu ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea hata tukalitia unyonge. Neno lenyewe ni Insha-Allah. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, kwamba mtu asiseme atafanya jambo kesho ila aliambatishe na utashi wa Mola wake. Basi neno hili ni la mtu aliyekwisha kunuia, naye anaikabidhi nia yake kwa Mwenyewe. Walakini sisi twalitamka pale tusipotaka. Mwenzio akikualika mahali usipopenda kwenda, wamwambia, "Insha-Allah," naye akiwa mtu wa pwani hufahamu papo hapo kwamba huji. Nami nilimwambia neno hili mtu asiye wa pwani, naye akanisadiki. Kisa hiki nakusimulia si kwa kujisifu, kwani mwanzo wake ni kosa langu mwenyewe.

Mimi kwetu ni Pangani. Ujana wangu niliumaliza Shinyanga, nikisomesha watoto Qur'ani, na mwaka 2003 nikahamia Katoro, katika nchi ya dhahabu ya Geita. Wakati huo Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Katoro ni mji wa biashara uliokuzwa na wachimbaji wadogo, na Buseresere iko jirani yake kabisa, hata mgeni hajui anapotoka huku na kuingia kule. Nyumba niliyopanga ilipakana na ya Msukuma mmoja, Mkatoliki, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga matimba. Matimba ni magogo yanayosimamishwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ili udongo usiporomoke. Mtu wa kazi hiyo hutangulia penye hatari ili wenzake wapite salama, na jirani yangu alikuwa hivyo hata nje ya shimo.

Mwaka 2011 mwanangu wa pili aliacha kitabu akaenda kutafuta riziki machimboni, upande wa Rwamgasa. Siku moja baada ya mvua kubwa kifusi kilishuka kikamfunika mpaka kifuani. Waliokuwa juu walisita, kwani duara likianza kuporomoka huweza kuporomoka tena. Jirani yangu alijifunga kamba kiunoni akateremka na magogo mawili mafupi, akaegemeza ukuta kwanza, kisha akamfukua mtoto kwa mikono. Mwanangu alitoka amevunjika mguu, lakini alitoka yu hai. Nilipokwenda kumshukuru yule bwana, nilikuta amekwisha kuoga yuko mezani anakula ugali. Aliniambia, "Shehe, mtoto wa jirani ni mtoto wangu," akaendelea kula.

Basi zingatia, ewe msomaji, deni nililokuwa nalo.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mwezi wa Februari, pale Buseresere, mabishano juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa yaligeuka ugomvi wa Waislamu na Wakristo, na katika ugomvi ule mchungaji mmoja aliuawa. Sikuja hapa kuhukumu yale; yaliyonihusu ni kwamba siku zile watu walioshirikiana kila kitu walianza kupishana njiani kimya. Mama wa nyumba yangu alizoea kuomba moto kwa jirani, aliacha. Nao walizoea kutuletea viazi vitamu vya shamba, navyo vikakoma. Hakuna aliyemtukana mwenziwe, ila uzito ulikuwapo.

Mwishoni mwa mwaka ule jirani yangu alipata mtoto wa kiume, baada ya mabinti wanne. Mapema mwaka 2014 alinijia jioni, nimekaa barazani na tasbihi. Alikaa chini kwenye mkeka, naye kwa kawaida hukaa kitini, nikajua ana neno. Akasema, "Shehe, nimefikiri sana. Huyu mtoto nataka wewe uwe baba yake wa ubatizo. Watu wote watuone tumesimama pamoja, waache maneno yao."

Msomaji wangu, kwa desturi ya Wakatoliki baba wa ubatizo ni mtu anayemsimamia mtoto anapobatizwa, kisha humwangalia katika malezi maisha yake yote. Kumwomba mtu jambo hilo ni heshima kubwa. Na huyu aliniomba kwa mambo mawili: kwa mapenzi, na kwa kutaka kuponya jeraha la mji mzima. Mimi nikaona haya. Nikautazama uso wake, nikamkumbuka mwanangu kifusini, ulimi ukateleza nikamwambia, "Insha-Allah, bwana. Nimesikia." Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja sana," ndiyo shukurani ya Kisukuma, akaenda zake na furaha.

Usiku ule sikulala. Nilijiambia kwamba sikukubali. Nimesema nimesikia tu. Lakini mtu haifanyii nafsi yake ujanja kama huo ikakaa kimya. Yeye ameondoka na ahadi, nami nimebaki na udhuru. Na zilipita siku sita sijamwendea. Kila siku nilipanga visingizio: nitasema nina safari ya Pangani, nitasema presha imenipanda, nitatuma mtu.

Katika siku hizo nilitafuta kujua kwanza ninaombwa nini hasa, kwani huwezi kukataa wala kukubali jambo usilolijua. Nilikwenda kwa mzee mmoja katekista, mtu mpole tuliyekutana mara nyingi misibani, nikamwuliza baba wa ubatizo hufanya nini. Akanieleza bila kuficha. Kwanza, padri akiisha kumwandika mtoto alama ya msalaba katika kipaji cha uso, wazazi na wasimamizi nao humwandika vivyo hivyo. Pili, huulizwa kama wanamkataa shetani, kisha kama wanamwamini Mungu Baba, na Yesu Kristo Mwanawe, na Roho Mtakatifu. Nao hujibu kwa kinywa chao kwamba wanaamini. Tatu, huwashwa mshumaa kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka, na wazazi na msimamizi hukabidhiwa wajibu wa kuitunza imani hiyo ndani ya mtoto mpaka akue.

Hapo jambo likanidhihirikia. Kumkataa shetani, sisi sote tunamkataa. Lakini nikisimama mbele ya watu nikasema naamini hayo mengine, nimesema nisiyoyaamini. Na nikinyamaza wenzangu wakijibu, nimesimama mahali pa mtu anayejibu, na kimya changu ni jibu. Huko ni kushuhudia uongo katika jambo lililo kubwa kuliko yote. Tena uongo huo ungekuwa wa pande mbili: kwa dini yangu, na kwa mtoto yule, ambaye angepewa mlezi wa imani asiyeifuata imani yenyewe.

Kisha yule katekista akacheka kidogo, akaniambia, "Tena shehe, usijisumbue. Sheria yetu ya Kanisa ya mwaka 1983 haikuruhusu wewe. Msimamizi sharti awe Mkatoliki, ametimiza miaka 16, amepokea Kipaimara na Ekaristi. Hata Mkristo wa dhehebu jingine hawi msimamizi. Huweza kuwa shahidi tu, pamoja na msimamizi aliye Mkatoliki. Bwana yule akija kuandikisha nitamwambia."

Nakiri mbele yako, msomaji, nilifurahi. Niliona mlango umefunguka: ninyamaze tu, Kanisa limkatalie, nami nibaki mtu mwema aliyekuwa tayari. Nilitembea hatua chache kwa wepesi. Kisha nikajiuliza: je, lau Kanisa lingeruhusu, ningekwenda? La. Basi kwa nini nimwache rafiki yangu aamini kwamba kilichonizuia ni cha watu wengine? Akitoka pale ameaibika mbele ya katekista kwa sababu yangu, kisha aje kunipa mimi pole, nami nipokee pole ile! Hiyo ingekuwa hiana, na hiana iliyovaa kanzu.

Nilikwenda kwake jioni hiyo hiyo baada ya Magharibi, kwa miguu yangu, sikutuma mtu wala sikupiga simu. Nilimkuta na mkewe na mtoto. Nikaanza na kosa langu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile nilikuambia Insha-Allah. Ulifahamu kwamba nimekubali, na ulikuwa na haki kufahamu hivyo. Ukweli ni kwamba niliona haya kukuambia siwezi. Nisamehe kwa siku hizi sita."

Alinyamaza. Akauliza, "Ni kwa ajili ya yale ya mwaka jana?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa, na ndilo lililonionyesha kwamba ukimya ungeliliacha hai. Nikamwambia, "Hapana, wallahi. Lau yale yasingetokea jibu langu lingekuwa hili hili. Pale mbele msimamizi huulizwa anaamini nini, na wewe wajua ninaamini nini. Nikijibu kama mnavyojibu ninyi, nitakuwa nimesema uongo nyumbani mwa ibada yenu, juu ya kichwa cha mwanao. Wewe ulimtoa mwanangu shimoni kwa ukweli. Mimi siwezi kukulipa kwa uongo."

Mkewe alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akasema taratibu, "Lakini si ni maneno tu, shehe?" Nikamwambia, "Mama, mtu anayepanga matimba akikuambia gogo hili zima, nalo limeoza, ni maneno tu?" Bwana yule akatazama chini, na nikaona amenielewa kwa lugha ya kazi yake.

Nikamwongezea jingine, nalo ndilo lililopoza moyo wake zaidi. Nilimwambia, "Binti yangu yu karibu kuolewa. Hapana mtu katika mji huu ningependa akae karibu nami siku ile kuliko wewe. Walakini nikaha yetu yataka mashahidi wawili, na katika madhehebu yetu ya Shafi sharti wawe Waislamu waadilifu. Siwezi kukuweka wewe, si kwamba sikuamini. Ukinihesabia fedha sihesabu mara ya pili. Ni kwamba mahali pale pana sharti lake. Je, ukisikia hivyo utaona nimekudharau?" Akafikiri, akasema, "La. Nitakaa na wageni nile pilau." Tukacheka sote, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza baina ya nyumba zetu tangu mwaka uliopita.

Mkewe ndiye aliyeuliza la mwisho. "Basi shehe, mbuzi wa karamu watachinjwa na nani?"

Msomaji, utajua uzito wa swali hilo ukikumbuka mji tuliokuwamo. Lililomwaga damu mwaka mmoja kabla lilikuwa ndilo hilo hilo. Na mama yule aliliuliza wazi, mtoto kifuani, kama aulizaye chumvi iko wapi. Nikamwambia kwamba mkinitaka nitachinja mimi, kwa jina la Mwenyezi Mungu, uani kwenu, na Waislamu na Wakristo watakula sahani moja. Asubuhi ya siku ile, wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka 2014, nilichinja mbuzi wawili kabla hawajatoka kwenda kanisani. Wao wakaenda, mimi nikarudi nyumbani kusomesha watoto wangu. Aliyesimama na mtoto alikuwa shemeji ya yule bwana, Mkatoliki mwenye kuijua dini yake. Waliporudi nilikuwa mlangoni kuwapokea, na mama wa nyumba yangu alikuwa amekwisha kuwasha moto wa wali.

Wako masheikh wenzangu walioniambia kwamba bora nisingechinja kwa karamu ile. Niliwasikiliza kwa adabu. Mimi niliona nyama ile ni chakula cha wageni, na kisu kilikuwa mkononi mwangu, na jina lililotajwa ni la Mola wetu. Anayeona kwamba ajizuie hata hapo, hana lawama kwangu. Ila naye aende akaseme mwenyewe, kwa uso wake, na asinune.

Huenda ukaniuliza: ama harusi je? Mtu akikualika uwe msimamizi wa ndoa yake? Kipimo changu ni kile kile: tazama unaombwa ushuhudie nini. Kuna shahidi wa tukio na kuna shahidi wa imani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wawili ndoa inapofungwa. Ndugu yako akifunga ndoa bomani, akakutaka utie saini kwamba uliwaona wakikubaliana, hapo unashuhudia ulichokiona kwa macho. Lakini msimamizi wa harusi ya kanisani, kwa desturi ya nchi hii, hupelekwa madhabahuni pamoja na mkewe, na hutarajiwa awe kiongozi wa maarusi katika dini yao pia. Mahali hapo si pako, na kumwachia anayestahiki ni kumtendea mema bwana harusi. Baki na yaliyo yako: changa, pokea wageni, watembelee maarusi watakapogombana kwa mara ya kwanza.

Tena usichelewe. Hili nimelijua kwa siku zangu sita. Wazazi na msimamizi huandikishwa na hufundishwa kabla ya siku yenyewe, na bwana harusi huchagua nguo na kupanga kamati kwa jina lako. Kila siku unayonyamaza unamwongezea mwenzio gharama na aibu ya kutafuta mwingine, na yule mwingine naye hujua kwamba ameitwa kuziba pengo.

Wanahistoria wasimulia kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipoingia Baitul Muqaddas, wakati wa Sala ulimkuta katika kanisa kubwa la mji, na mkuu wa Wakristo akamkaribisha asali mumo. Alikataa, akasali nje, na akaeleza sababu: alichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalichukua kanisa lile kwa kusema hapa Umar alisali. Tazama uzuri wa jibu lile. Alikataa jambo alilokaribishwa kwa heshima, na kukataa kwake kulikuwa hifadhi kwa yule aliyemkaribisha. Hakusema amechoka, wala hakusema Insha-Allah akapita.

Na Mwenyezi Mungu ametuweka wazi. Katika Suratu Luqman, aya ya 15, mtoto anayeshurutishwa na wazazi wake kumshirikisha Mungu ameambiwa asiwatii katika hilo, na papo hapo ameambiwa akae nao duniani kwa wema. Katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa dini yetu. Wengi wetu hushika nusu moja. Huyu hukataa akasahau wema. Yule hufanya wema mpaka akasahau alichokataliwa. Mimi kwa siku sita nilizipoteza nusu zote mbili, kwani sikuwa nimekataa wala sikuwa mwema.

Binti yangu aliolewa mwaka ule ule. Jirani alikaa na wageni akala pilau, kama alivyosema. Mtoto wake sasa ni kijana wa shule, na huniita babu. Siku za masika, akitoka shule na njia imejaa maji, hupitia kwangu akakaa barazani mpaka mvua ipite, nami humpa chai. Hunisikia nikisomesha, nami husikia akiimba nyimbo za kanisani kwao. Siku moja aliniuliza, "Babu, ni kweli ulikataa kuwa baba yangu wa ubatizo?" Nikamwambia ni kweli. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Muulize baba yako, anajua." Akaenda, akarudi, akaniambia, "Baba amesema ulikataa kwa sababu hukutaka kutudanganya."

Nilimshukuru Mola wangu, kwani sababu niliyoitoa kwa aibu jioni ile ndiyo iliyobaki katika nyumba ile, na haikubaki nyingine.

Wabillahi Tawfiq.